Maelezo ya nia yakitakiwa ndani ya barua pepe yenyewe: namna ya kuyaandika, kuyabandika na kuyatuma

Mashirika mengi ya kimataifa siku hizi hupokea maombi kupitia mifumo yao ya mtandaoni, kama Inspira ya Umoja wa Mataifa, ambamo unajaza visanduku na mfumo wenyewe unakukumbusha ulichosahau. Zipo lakini nafasi ambazo bado zinaombwa kwa barua pepe, hasa za mafunzo kazini, za ushauri wa muda mfupi na zile zinazotangazwa na ofisi ndogo za kanda. Humo ndimo unapokutana na sharti hili: wasifu uambatishwe, lakini maelezo ya nia, ambayo wengine huyaita barua ya motisha, yabandikwe ndani ya barua pepe, yasiletwe kama kiambatisho.

Sharti hilo lina sababu. Anayefungua sanduku la maombi huwa na barua nyingi na muda mchache. Akibofya barua yako anataka aone hapo hapo unaomba nafasi ipi na kwa nini, kabla hajafungua faili lolote. Pia hunakili aya zako na kuziweka kwenye jedwali ambalo kamati italisoma, na maandishi yaliyo ndani ya barua hunakilika na kutafutika kwa urahisi kuliko picha ya karatasi iliyopigwa skani. Halafu kuna hili: sharti lenyewe ni chujio. Ukiandika "tafadhali pokea barua yangu iliyoambatishwa" na kuacha nafasi tupu, umeshamwonyesha kwamba hukusoma tangazo mpaka mwisho.

Kabla ya kuandika neno

Hakikisha kwanza tangazo lipo kwenye tovuti ya shirika lenyewe, si kwenye kundi la WhatsApp peke yake, na kwamba anwani ya kutumia inaishia kwa jina la shirika hilo. Anwani za Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa, kwa mfano, huishia `@un.org`. Umoja wa Mataifa hautozi ada kwenye hatua yoyote ya ajira, kwa hiyo tangazo linalotumia jina lake na kukudai pesa ya "usaili" au "vipimo vya afya" ni la matapeli.

Kisha lihifadhi tangazo zima kama PDF. Matangazo mengi huondolewa tovutini siku ya mwisho ikishapita, na ukiitwa kwenye usaili wiki sita baadaye utakuwa huna tena pa kusoma majukumu uliyoyaomba.

Sasa lisome ukiwa na kalamu. Andika pembeni mambo matano: namba ya nafasi, maneno ya lazima ya kichwa cha barua pepe kama wameyataja, kikomo cha maneno, lugha inayotakiwa, na siku ya mwisho pamoja na saa yake na ya mji gani. Katika orodha ya majukumu, zungushia duara jukumu moja ambalo umewahi kulifanya kwa mikono yako, hata kwa udogo. Maelezo yako yote yatasimama juu ya duara hilo.

Kuandika: kazi moja iliyofanyika, yenye vipimo vyake

Tuchukue mfano. Ofisi moja Nairobi inatafuta mtu wa mafunzo kazini kwa miezi sita, kusaidia kuunganisha takwimu za ubora wa maji ya Ziwa Victoria kutoka nchi tatu. Namba ya nafasi ni INT-014, kikomo ni maneno 250. Mwombaji wetu amehitimu sayansi ya mazingira na amefanya kazi ya kupima maji Mwanza kwa miezi minne. Haya ndiyo anayobandika. Hapa tumeyaweka kwa Kiswahili ili muundo uonekane vizuri. Yeye atayatuma kwa lugha ya tangazo.

> Kwa Kamati ya Uteuzi,
>
> Naomba nafasi ya mafunzo kazini katika takwimu za maji, namba INT-014. Nimehitimu shahada ya sayansi ya mazingira, na kwa miezi minne nimekuwa nikipima maji ya Ghuba ya Mwanza na kuingiza vipimo kwenye kompyuta.
>
> Tulipima vituo 12 kila baada ya wiki mbili: joto, pH, oksijeni iliyoyeyuka, na uwazi wa maji kwa sahani ya Secchi. Mimi nilihamisha vipimo kutoka daftari la mtumbwini kwenda Excel. Mwezi wa pili niliona oksijeni ya vituo vitatu imeruka kutoka 7 hadi zaidi ya 90. Nilipofuatilia daftari nikakuta mpimaji mmoja alikuwa akiandika asilimia badala ya miligramu kwa lita. Niliongeza safu ya kizio kwenye fomu, na nikaweka sharti linalotia rangi nyekundu kila thamani ya oksijeni iliyozidi 20. Kosa hilo halikujirudia katika raundi nne zilizofuata.
>
> Tangazo lenu linasema takwimu za nchi tatu hukusanywa kwa fomu tofauti na zinahitaji kuoanishwa. Nimelikuta tatizo hilo hilo ndani ya mtumbwi mmoja, na ningependa kujifunza linavyotatuliwa kati ya taasisi. Excel naitumia kila siku. Programu ya takwimu ya R nimeanza kuijifunza na naweza kusafisha jedwali na kuchora grafu.
>
> Naweza kuanza tarehe 1 Machi na kukaa Nairobi miezi yote sita. Kiswahili ni lugha yangu ya kwanza, na ripoti zetu za kazi niliziandika kwa Kiingereza.
>
> Wasifu wangu umeambatishwa.

Aya ya kwanza ni fupi kwa makusudi. Msomaji anatakiwa ajue nafasi na sifa kuu kabla hajasogeza kioo cha simu. Uzito wote uko kwenye aya ya pili, na huo ndio mgawanyo wa kufuata: karibu nusu ya maneno yako yaende kwenye kazi moja uliyoifanya, ukisema ulichokiona, ulichokifanya na kilichobadilika. Mtu wa takwimu akisoma kwamba oksijeni imeruka hadi 90 anajua mara moja kuna jambo, kwa sababu miligramu 90 kwa lita hazipatikani ziwani. Hapo mwombaji hahitaji tena kuandika kwamba yeye ni makini.

Aya ya tatu ndiyo inayowashinda wengi. Swali la "kwa nini shirika letu" hujibiwa kwa sifa, kwamba shirika ni kubwa, linaheshimika, linasaidia dunia. Shirika linajijua. Jibu linalofaa ni lile linalounganisha jukumu lililomo kwenye tangazo na kazi uliyokwisha kuieleza, kisha likasema wazi unachokijua na unachojifunza. Kukiri kwamba R ndiyo kwanza umeianza hakukuangushi kwenye nafasi ya mafunzo. Kudai umebobea kisha ukapewa jaribio la saa moja ndiko kunakokuangusha.

Sasa linganisha na mwanzo ambao watu hufundishwa shuleni: anwani yako yenye S.L.P. juu kulia, anwani ya shirika kushoto, tarehe, "YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KAZI", kisha "Husika na kichwa cha habari hapo juu". Barua hiyo ni sahihi kabisa kwenye karatasi inayokwenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Ndani ya barua pepe inakula kioo kizima cha simu kabla ya sentensi ya kwanza yenye maana. Anwani yako inaonekana juu tayari, tarehe inawekwa na mfumo, na kichwa kina mahali pake. Ondoa vyote. "Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa" nayo ibaki huko huko.

Jambo la hesabu. Ukiandika rasimu kwa Kiswahili kisha ukaitafsiri kwa Kiingereza, maneno yataongezeka, kwa kuwa kitenzi chetu kimoja kama "nilipofuatilia" hubeba mtu, wakati na kiunganishi. Rasimu ya Kiswahili yenye maneno 240 itapita 250 ikishageuzwa. Kwa hiyo hesabu maneno kwenye nakala ya mwisho, na lenga kubaki chini ya kikomo kwa maneno kumi hivi, kwani programu tofauti huhesabu tofauti kidogo, hasa penye vistari na namba.

Kubandika: hapa ndipo kazi nzuri inapoharibika

Ukinakili kutoka Word na kubandika moja kwa moja, unabeba pia fonti, ukubwa wa herufi, rangi na nafasi kati ya mistari. Kwako itaonekana safi. Kwa mpokeaji aliyeweka kioo cheusi, maandishi yenye rangi nyeusi iliyolazimishwa yanaweza kukaa juu ya msingi mweusi yasisomeke, na sentensi uliyoichomeka dakika ya mwisho itakuwa na fonti tofauti, hivyo kila mtu ataona ni ipi uliyoibadilisha kwa ajili ya shirika hili.

Bandika maandishi matupu. Kwenye kompyuta, ndani ya Gmail, tumia:

```
Ctrl + Shift + V
```

Kama tayari umebandika na mapambo yake, chagua maandishi yote kisha bonyeza `Ctrl + \`, na Gmail itayaondoa. Kwenye Outlook chagua `Keep Text Only` wakati wa kubandika. Usipoziona njia hizi, pitisha maandishi kwanza kwenye Notepad: bandika huko, nakili tena kutoka huko, na mapambo yote yatakuwa yamebaki nyuma.

Mapambo yakiondoka, orodha zenye vitone huanguka na kuwa mistari isiyoeleweka. Ndiyo maana mfano wetu hauna hata kitone kimoja. Aya hutenganishwa kwa mstari mmoja mtupu, basi. Ukinakili kutoka PDF utakumbana na tatizo jingine: kila mstari hubaki umekatwa pale pale ulipoishia kwenye ukurasa, na kwenye simu barua yako itasomeka kama shairi lililovunjika vibaya, mstari mrefu, neno moja, mstari mrefu, neno moja. Hilo halitibiki kwa `Ctrl + Shift + V`. Rudi kwenye faili la asili ulikoandikia. Na kama rasimu uliitumiwa na rafiki kwa WhatsApp, angalia nyota zilizobaki kandokando ya maneno aliyotaka kuyakoleza.

Baada ya aya ya mwisho weka jina lako kamili, simu na anwani ya barua pepe. Simu iwe na msimbo wa nchi bila sifuri ya mwanzo, yaani `+255` au `+254` ikifuatwa na tarakimu tisa. Anayepiga kutoka Geneva hawezi kupiga 07. Jina lifanane na lile la pasipoti. Ukiwa Juma kwenye barua na Jumanne kwenye cheti, faili lako litazua swali ambalo hakuna atakayekupigia kuliuliza. Futa pia ile saini ya simu inayojiandika yenyewe kwamba barua imetumwa kutoka kifaa fulani.

Usianze maelezo kwa salamu mbili, moja ya barua pepe na nyingine ya barua uliyoibandika chini yake. Kosa hili huonekana mara nyingi: juu kuna "Ndugu, tafadhali pokea maombi yangu", katikati mstari, kisha "Ndugu Mheshimiwa" na barua kamili. Barua pepe ndiyo barua. Salamu moja, maelezo, jina.

Kichwa cha barua na viambatisho

Kama tangazo limetoa maneno ya kichwa, yanakili herufi kwa herufi, kwani ofisi nyingi huchuja sanduku kwa maneno hayo na barua isiyo nayo haiingii kwenye folda ya maombi. Kama halikuyatoa, weka namba, nafasi, na jina:

```
INT-014, Water Data Intern, JINA UKOO
```

Usianze kichwa kwa `RE:`. Mazoea hayo yametoka kwenye barua za karatasi, lakini kwenye barua pepe `RE:` ni alama ya jibu. Mpokeaji hudhani ni mwendelezo wa mazungumzo ya zamani. Kwa sababu hiyo hiyo andika barua mpya kabisa. Usijibu juu ya barua ya mwaka jana uliyopokea kutoka ofisi hiyo, hata kama inakurahisishia anwani.

Ambatisha kilichoombwa, na hicho tu. Kama wametaka wasifu na P.11, yaani fomu ya historia binafsi ya Umoja wa Mataifa, yawe mafaili mawili ya PDF yenye majina yanayojieleza, kwa mfano `UKOO_Jina_CV.pdf`. Faili linaloitwa `CV mpya final 3.pdf` likishapakuliwa linapotea katikati ya mengine kama hilo. Vyeti visivyoombwa viache nyumbani. Ukiviweka vyote kwa skani nzito na jumla ikapita MB 25, Gmail haitaviambatisha bali itaviweka kwenye Drive na kutuma kiungo, na mpokeaji asiye na ruhusa ataambiwa aiombe. Hataiomba. Na usiambatishe tena maelezo ya nia "kwa usalama", kwani tangazo limeshakwambia yanakaa wapi.

Kujitumia kwanza

Acha nafasi ya anwani ya shirika ikiwa tupu hadi dakika ya mwisho, ili kidole kisije kikakutangulia. Jitumie barua kamili, na umtumie mtu mmoja anayetumia Outlook au huduma nyingine isiyo yako. Ifungue kwenye simu, kwenye kioo cheupe na cheusi. Fungua kila kiambatisho kutoka kwenye barua iliyofika, si kutoka kwenye kompyuta yako. Hapo ndipo hugundulika kwamba umetuma wasifu wa shirika la mwezi uliopita.

Ukijitumia jaribio la pili lenye kichwa kile kile, usishtuke Gmail ikificha sehemu ya maandishi nyuma ya vinukta vitatu. Imeyaona yamerudiwa kwenye mfululizo mmoja. Badilisha kichwa cha jaribio na yataonekana yote. Lakini kama yanafichika hata kwenye jaribio la kwanza, tazama kama umeweka vistari viwili `--` juu ya maelezo: hiyo ni alama ya kuanza kwa saini, na programu za barua huweza kukichukulia kilicho chini yake kama saini. Ukitaka mgawanyo, acha mstari mtupu.

Saa ya mwisho ni ya mji gani?

Sisi wa Afrika Mashariki saa zetu hazibadiliki mwaka mzima, za Ulaya na Amerika hubadilika. Tangazo linalosema saa 23:59 ya Geneva, kwetu ni saa 7:59 usiku wakati wa baridi yao, na saa 6:59 usiku wakati wa kiangazi chao. La New York linafika hadi saa 1:59 asubuhi ya kesho yake wakati wa baridi, na saa 12:59 asubuhi wakati wa kiangazi. Linalosema mwisho wa saa za kazi bila kutaja mji, lihesabu kwa saa za mji wa ofisi inayopokea, na usipite saa 11 jioni ya huko. Msomaji wa Lubumbashi akumbuke kwamba yuko saa moja nyuma ya Nairobi.

Hesabu hizo ni za kujua umebakiwa na nini umeme ukikatika, si za kupangia muda wa kutuma. Tuma siku mbili kabla. Kwenye mipangilio ya Gmail, sehemu ya `Undo Send`, ongeza muda hadi sekunde 30, maana aghalabu kosa huonekana sekunde ile ile barua inapoondoka.

Baada ya kutuma

Ngoja robo saa, kisha tazama sanduku lako. Barua kutoka `Mail Delivery Subsystem` maana yake haikufika, mara nyingi kwa sababu ya herufi moja ya anwani au nukta iliyonakiliwa pamoja nayo mwishoni mwa sentensi ya tangazo. Isome inasema nini, rekebisha, tuma upya. Jibu la moja kwa moja likija, lihifadhi. Lisipokuja, usilipigie shirika simu. Si kila sanduku limewekewa jibu hilo.

Ukigundua kosa baada ya kutuma, lipime. Herufi iliyokosewa iache. Kiambatisho kilichosahaulika au jina la shirika jingine lililobaki kwenye aya ya tatu vinahitaji barua ya pili, kabla ya saa ya mwisho, yenye kichwa kile kile kikiongezwa neno la kuonyesha kwamba imerekebishwa. Sentensi ya kwanza iseme kwamba hii inachukua nafasi ya ile ya saa fulani, kisha bandika maelezo yote upya na uambatishe kila kitu upya. Usitume kipande kilichokosekana peke yake, maana anayepanga mafaili anaweza kufungua barua moja tu kati ya zako mbili, nawe hujui ni ipi.

Nakala ya barua iliyotoka iweke folda moja na lile tangazo la PDF. Ukiitwa, swali la kwanza la usaili huenda likawa juu ya ile oksijeni iliyofika 90.